Alfa ya jaribio la sarufi: kupima uthabiti kutoka kwenye jedwali la alama

Mwanafunzi wangu anayeongoza kwa sarufi alikuja mezani na karatasi yake mkononi. "Shikamoo, mwalimu. Naomba unioneshe nilipokosea swali la tano." Nikaitikia, nikaichukua karatasi. Maswali manne ya kwanza alikuwa na alama 18 kati ya 20. La tano lina sifuri kubwa niliyoichora mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Nilimwambia aniachie karatasi mpaka kesho, na jioni hiyo, badala ya kupekua mwongozo wa kusahihishia, nilikokotoa alfa. Baadaye nilijiona mjinga kidogo, kwa sababu kupekua mwongozo kungechukua dakika moja tu. Lakini hesabu ile ilinionesha jambo ambalo mwongozo peke yake usingenionesha, nami naiandika hapa hatua kwa hatua kwa mwalimu mwingine aliye na jedwali la alama na hajui alifanyie nini.

Alfa ni namba inayojibu swali moja: je, maswali ya jaribio hili yanakwenda pamoja? Yaani anayefanya vizuri swali hili, huwa anafanya vizuri na yale mengine? Kama ndiyo, jumla ya alama ina maana, na ungetunga maswali mengine ya aina hiyohiyo ungepata mpangilio wa wanafunzi unaokaribiana na huu. Huo ndio uthabiti unaozungumzwa hapa. Fomula yake imezoeleka kwa jina la Lee Cronbach, Mmarekani aliyeieleza kwa kirefu mwaka 1951, ingawa Louis Guttman alikwishaifikia kwa njia yake mwaka 1945.

Panga jedwali kwanza

Kila mwanafunzi awe na mstari wake, kila swali safuwima yake. Jumla peke yake haitoshi, kwa hiyo kama umezoea kujaza jumla tu kwenye daftari la maendeleo, itabidi urudi kwenye karatasi uchukue alama za kila swali. Hiyo ndiyo kazi inayochosha kuliko zote. Hesabu yenyewe ni nyepesi.

Hapa natumia wanafunzi wanane, ili mtu aweze kufuata kwa kalamu na karatasi. Kwa kazi ya kweli weka darasa zima. Alfa ya watu wanane inayumba mno: badilisha mwanafunzi mmoja tu na namba inaruka. Jaribio lilikuwa na maswali matano ya Kidato cha Pili, kila moja alama 5: ngeli, minyambuliko, viambishi, alama za uandishi, na la mwisho la kutambua kama neno lililopigiwa mstari ni nomino au ni kitenzi.

| | S1 | S2 | S3 | S4 | S5 | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|---|
| W1 | 5 | 5 | 3 | 5 | 0 | 18 |
| W2 | 4 | 3 | 4 | 4 | 1 | 16 |
| W3 | 4 | 5 | 2 | 5 | 1 | 17 |
| W4 | 3 | 2 | 3 | 4 | 2 | 14 |
| W5 | 3 | 4 | 1 | 5 | 3 | 16 |
| W6 | 2 | 1 | 2 | 4 | 2 | 11 |
| W7 | 2 | 3 | 0 | 3 | 4 | 12 |
| W8 | 1 | 1 | 1 | 2 | 3 | 8 |

W1 ndiye aliyekuja mezani.

Kabla ya kuhesabu chochote, amua kuhusu nafasi tupu. Mwanafunzi aliyekuwapo darasani na akaliacha swali kwa kushindwa, mwandikie 0. Ambaye hakufanya jaribio kabisa, mwondoe kwenye jedwali hili, maana sifuri tano zake zitayafanya maswali yaonekane yanakwenda pamoja sana, na alfa itapanda kwa uongo. Na kama jaribio lako ni lile la "jibu maswali matatu tu kati ya matano", simama hapo hapo. Swali ambalo mwanafunzi hakulichagua si sifuri, na jedwali lenye mashimo ya namna hiyo halihesabiki kwa fomula hii. Kokotoa alfa ya sehemu ya lazima peke yake.

Tafuta varianzi ya kila swali

Varianzi ni kipimo cha mtawanyiko: alama za swali zimesambaa kiasi gani kutoka kwenye wastani wake. Chukua S1. Jumla ya safuwima ni 24, wanafunzi 8, wastani ni 3. Sasa toa 3 kwenye kila alama: W1 anabaki na 2, W2 na 1, W3 na 1, W4 na 0, W5 na 0, W6 na -1, W7 na -1, W8 na -2. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe ili alama za kutoa ziondoke: 4, 1, 1, 0, 0, 1, 1, 4. Zijumlishe, unapata 12. Gawanya kwa wanafunzi 8, unapata 1.5. Hiyo ndiyo varianzi ya S1.

Ukifanya vivyo hivyo kwa safuwima zilizobaki, S2 inatoa 2.25, S3 inatoa 1.5, S4 inatoa 1, na S5 inatoa 1.5. Jumlisha zote tano: 7.75.

Tazama S4 kidogo. Wastani wake ni 4 kati ya 5, na mtawanyiko wake ndio mdogo kuliko yote. Swali rahisi huwa hivyo, kwani karibu kila mtu analipata. Likiwa rahisi kiasi kwamba wote wanapata 5, varianzi yake ni sifuri na halichangii chochote kwenye kuwatofautisha wanafunzi. Si lazima liwe swali baya. Huenda uliliweka kwa makusudi ili kuwatoa wanafunzi woga. Ila ujue kwamba haliwezi kuipandisha alfa.

Tafuta varianzi ya jumla

Rudia kazi ileile kwenye safuwima ya mwisho. Jumla zote nane zinafika 112, wastani ni 14. Tofauti na wastani ni 4, 2, 3, 0, 2, -3, -2, -6. Zikizidishwa kwa zenyewe: 16, 4, 9, 0, 4, 9, 4, 36. Jumla yake 82, gawanya kwa 8, unapata 10.25.

Sasa una namba mbili za kulinganisha: 7.75, ambayo ni jumla ya varianzi za maswali, na 10.25, ambayo ni varianzi ya jumla ya alama. Hizi mbili ndizo zenye habari yote. Kama maswali yasingekuwa na uhusiano wowote, kila moja likienda njia yake, namba hizi mbili zingelingana. Maswali yanapokwenda pamoja, wale wanaofanya vizuri wanarundika alama kila swali na wale wanaoshindwa wanapoteza kila swali, kwa hiyo jumla zao zinaachana sana na varianzi ya jumla inakuwa kubwa kuliko mkusanyiko wa varianzi za maswali. Ziada hiyo ndiyo alfa inayoipima.

Na ikitokea varianzi ya jumla ikawa ndogo kuliko mkusanyiko? Alfa inatoka hasi. Wapo wanaodhani fomula imewakatalia, wakaanza kuhesabu upya usiku kucha. Ukishahakiki hesabu mara moja, acha kuhesabu na urudi kwenye karatasi za wanafunzi: maswali yako yanavutana, moja linapanda pale jingine linaposhuka.

Weka kwenye fomula

```
alfa = k/(k-1) × (1 - jumla ya varianzi za maswali / varianzi ya jumla)
```

Herufi k ni idadi ya maswali, si idadi ya wanafunzi. Kosa hilo la kuchanganya k na wanafunzi nimelikuta kwa watu wazima wenye shahada, kwa hiyo usione haya kuangalia mara mbili. Hapa k ni 5, hivyo k/(k-1) ni 5/4, yaani 1.25.

Gawanya 7.75 kwa 10.25, unapata 0.756. Toa kwenye 1, inabaki 0.244. Zidisha kwa 1.25, unapata 0.305. Alfa ya jaribio langu ni 0.30.

Ukiwa na kompyuta, alama zikiwa zimeanzia kisanduku B2 mpaka F9 na jumla zikiwa G2 mpaka G9, unaandika hivi kwenye Eksel:

```
G2:   =SUM(B2:F2)
B10:  =VAR.P(B2:B9)
G10:  =VAR.P(G2:G9)
B12:  =5/(5-1)*(1-SUM(B10:F10)/G10)
```

Ya G2 unaiburuta chini mpaka G9, na ya B10 unaiburuta kulia mpaka F10.

Kuna VAR.P na kuna VAR.S. Ya kwanza inagawanya kwa idadi ya wanafunzi, kama tulivyofanya kwa mkono. Ya pili inagawanya kwa idadi hiyo ukitoa mmoja, yaani 7 badala ya 8. Watu hubishana ni ipi sahihi. Kwa alfa haijalishi hata chembe, kwa sababu kigawanyo kinajifuta kwenye uwiano: tumia VAR.S kote au VAR.P kote, jibu ni lilelile 0.305. Kinachoharibu ni kuchanganya. Ukiweka VAR.P kwenye maswali na VAR.S kwenye jumla, varianzi ya jumla inakuwa 82/7, yaani 11.71, na alfa inaruka hadi 0.42 bila mwanafunzi yeyote kujua zaidi ya alichojua jana.

Mtego wa pili wa kompyuta ni herufi inayojifanya namba. Ukibonyeza herufi O badala ya sifuri, kisanduku kinakuwa maneno, na SUM inakiruka bila kulalamika. Dalili yake ni ndogo: namba hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Pitisha jicho kwenye safuwima, utakiona kilichokaa upande usio wake.

Alfa ndogo: tafuta swali linalovuta kinyume

0.30 ni ndogo sana. Namba ya 0.70 inayotajwa kila mahali kama kizingiti ina historia yake. Jum Nunnally aliiandika mwaka 1978 kuhusu hatua za awali za utafiti, na palepale akasema kwamba panapofanywa uamuzi mzito juu ya mtu mmojammoja, hata 0.90 ni kima cha chini kabisa. Anayetumia 0.70 kumkaririsha mtoto darasa ameisoma nusu. Jaribio la wiki halihitaji 0.90. Lakini 0.30 kwa maswali matano ya sarufi, darasa moja, mwalimu mmoja? Hapo kuna kitu.

Hatua inayofuata ni kuondoa swali moja, kukokotoa alfa ya maswali manne yaliyobaki, kulirudisha, na kuondoa jingine. Ukumbuke kubadilisha k kuwa 4, na kukokotoa upya jumla za wanafunzi bila lile swali. Nilipoliondoa S3, alfa ilishuka hadi 0.26. Nilipoondoa S1, ilikuwa mbaya zaidi: -0.63, chini kabisa ya sifuri. Maana yake maswali hayo yanabeba jaribio, ukiyatoa linaporomoka.

Kisha nikaondoa S5. Jumla za maswali manne ya kwanza ni 18, 15, 16, 12, 13, 9, 8 na 5. Wastani wake ni 12, na varianzi yake ni 17. Varianzi za maswali manne zinakusanyika kuwa 6.25. Basi 6.25 kwa 17 ni 0.368, toa kwenye 1 unapata 0.632, zidisha kwa 4/3, alfa ni 0.84. Maswali yamepungua, uthabiti umepanda kutoka 0.30 hadi 0.84.

Angalia pia kile kilichotokea kwa varianzi ya jumla: maswali manne yalikuwa na 17, na nilipoongeza la tano ikashuka hadi 10.25. Kuongeza swali na kupunguza mtawanyiko ni jambo la ajabu. Ni kama kumimina maji kwenye ndoo na kuona kina kinapungua. Haliwezi kutokea isipokuwa S5 linawapa alama wale hasa ambao mengine yamewanyima. Soma safuwima ya S5 kutoka juu kwenda chini ukiwa umewapanga wanafunzi kwa jumla ya yale manne: 0, 1, 1, 3, 2, 2, 4, 3. Inapanda wakati nyingine zinashuka. Uhusiano kati ya S5 na jumla ya yale manne, ukiukokotoa kwa CORREL, ni -0.82.

```
=CORREL(F2:F9, H2:H9)
```

Hapo H ni safuwima mpya yenye jumla bila S5. Usilinganishe swali na jumla ambayo lenyewe limo ndani yake. Litajisifia.

Usifute swali kabla hujalisoma

Mwongozo mwingi huishia hapa: ondoa S5, andika alfa 0.84, endelea na maisha. Mimi napinga. Alfa imekuonesha mlango wa kugonga. Nani yumo ndani, hiyo haikuambii. Swali linaweza kuvuta kinyume kwa sababu limetungwa vibaya, kwa sababu linapima kitu kingine kabisa ambacho nacho ni cha maana, au kwa sababu limesahihishwa vibaya. Tiba za magonjwa hayo matatu hazifanani.

Swali la tano lilikuwa na sentensi tano, kama "Kusoma kunahitaji utulivu" na "Juma anasoma gazeti", na mwanafunzi alitakiwa kuandika herufi (a) au (b) mbele ya kila moja. Nilitoa karatasi ya swali na mwongozo wa kusahihishia, nikaviweka sambamba. Kwenye karatasi: (a) kitenzi, (b) nomino. Kwenye mwongozo, ambao niliurithi kutoka kwenye jaribio langu la mwaka uliotangulia na kubadilisha sentensi tu: (a) nomino, (b) kitenzi.

Nilikuwa nimesahihisha karatasi zote kwa herufi, usiku, bila kusoma maneno. Kila aliyejua kwamba *kusoma* katika sentensi ya kwanza ni nomino ya ngeli ya KU nilimpiga kosa. Aliyedanganywa na sura ya neno, akaona ku- na shina la kitenzi akasema basi ni kitenzi, nikampa vema. W1 alizijua zote tano, ndiyo maana akapata sifuri.

Kwa kuwa majibu yalikuwa mawili tu na hakuna aliyeacha nafasi, marekebisho yalikuwa mepesi: alama mpya ni 5 ukitoa alama ya zamani. W1 anapata 5, W2 na W3 wanapata 4 kila mmoja, W4 anapata 3, W5 anapata 2, W6 anapata 3, W7 anapata 1, W8 anapata 2. Varianzi ya S5 inabaki 1.5 kama mwanzo, maana kugeuza alama hakubadilishi mtawanyiko wake. Mkusanyiko wa varianzi za maswali kwa hiyo ni uleule 7.75. Kinachobadilika ni jumla za wanafunzi: 23, 19, 20, 15, 15, 12, 9 na 7, wastani 15, varianzi 26.75.

7.75 kwa 26.75 ni 0.290. Toa kwenye 1, unapata 0.710. Zidisha kwa 1.25: alfa ni 0.89.

Linganisha tatu hizo. Swali likiwa na kosa, 0.30. Likifutwa, 0.84. Likisahihishwa, 0.89. Ningelifuta tu, ningepoteza swali zuri, na W5 aliyekuwa sawa na W2 kwa alama 16 asingejua kwamba kuna kitu hakukielewa kuhusu ngeli ya KU.

Hali hii wanaoandika tasnifu huikuta kwenye hojaji kwa sura nyingine. Unaandika kauli tisa za "Napenda somo hili" na moja ya "Somo hili linanichosha", zote za kujibiwa kwa 1 mpaka 5, kisha unasahau kuigeuza ile ya mwisho. Pale kipimo kinapoanza na 1, kugeuza ni 6 ukitoa jibu, siyo 5. Ukitumia 5, alfa haitabadilika, kwa kuwa kila jibu limeshuka kwa moja sawasawa, lakini wastani wako utakuwa umeharibika na hutapata onyo lolote.

Kutoka alfa kwenda kwenye alama za mtu mmoja

Alfa ni ya jaribio zima, lakini mzazi anauliza kuhusu mtoto wake. Kuna njia ya kuigeuza iwe alama. Chukua kipeuo cha pili cha varianzi ya jumla, ambacho ndicho mchepuko sanifu: kwa 26.75 ni 5.17. Toa alfa kwenye 1, unabaki na 0.112, kipeuo chake cha pili ni 0.335. Zidisha hivyo viwili: 1.73. Hilo ndilo kosa la kawaida la kipimo, yaani kiasi ambacho alama ya mwanafunzi huyumba kwa bahati tu, bila ujuzi wake kubadilika.

Basi W3 mwenye 20 na W2 mwenye 19 hawana tofauti ya kusimamia. Kuwapanga wa pili na wa tatu kwa alama moja, ukiwa na jaribio linaloyumba kwa karibu mbili, ni bahati nasibu. W1 na W8, walioachana kwa 16, hao wametofautiana kweli.

Yanayoipandisha alfa bila haki

Ukishaanza kukokotoa utakutana na alfa nzuri zisizostahili, na hizi zina hatari kuliko mbaya, kwa sababu hakuna anayezichunguza.

La kwanza ni wingi wa maswali. Jaribio lenye alfa 0.50, ukiliongezea maswali ya aina ileile mpaka yawe maradufu, linategemewa kufika 0.67 bila swali hata moja kuwa bora. Kwa hiyo 0.80 ya maswali 60 siyo sifa sawa na 0.80 ya maswali 6.

La pili ni maswali yanayoshikana mkono. Kipengele (b) kinachohitaji jibu la (a) si swali jipya. Aliyekosa (a) amekosa vyote. Yakiingia kwenye jedwali kama safuwima mbili, alfa inayahesabu kama mashahidi wawili kumbe ni shahidi mmoja aliyesema mara mbili. Yaunganishe yawe safuwima moja. Hivyo hivyo kwa maswali matano yanayotokana na kifungu kimoja cha ufahamu. Na jaribio ambalo muda uliisha kabla wengi hawajafika mwisho lina tabia hiyo pia: sifuri za maswali ya mwisho zinafuatana kwa wanafunzi walewale, na unachopima ni kasi ya mkono.

La tatu ni kuchanganya madarasa. Weka Kidato cha Kwanza na cha Nne kwenye jedwali moja, mtawanyiko wa jumla utakuwa mkubwa na alfa itang'aa. Lakini wewe unataka kuwatofautisha watoto wa darasa moja. Kokotoa kwa darasa hilo.

Kwa maswali ya kuchagua, ambapo kila swali ni 1 au 0, varianzi inapatikana kwa njia ya mkato. Kama wanafunzi 30 kati ya 40 wamepata, zidisha 0.75 kwa 0.25, unapata 0.1875. Ukiendelea na fomula ileile utakuwa umekokotoa KR-20, ya Kuder na Richardson ya mwaka 1937, ambayo kwa maswali ya namna hii ndiyo alfa yenyewe. Ila mkato huo umeshagawanya kwa idadi yote ya wanafunzi, kwa hiyo kwenye safuwima ya jumla ni VAR.P peke yake inayokubalika.

Jambo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi kuliko kosa lenyewe. Nilikamatwa kwa sababu mwongozo wangu ulikuwa mbovu kwenye swali moja tu. Ungekuwa umepinduka kwenye maswali yote matano, kila alama ingekuwa 5 ukitoa ile ya haki, W8 angeongoza darasa, W1 angeshika mkia, na alfa ingetoka 0.89 ileile. Maswali yangekuwa yanakwenda pamoja kwa utiifu kabisa, yakielekea upande usiofaa. Hesabu isingesema neno. Angesema W1, kama angekuwa na ujasiri wa kuja mezani.

Siku iliyofuata nilimrudishia karatasi yake ikiwa na 23, nikamwomba radhi mbele ya darasa, na nikachukua karatasi za wengine wote.